Migongano haisubiri jedwali lijae

"Slaidi ya jedwali la hashi inaonyesha majina mawili kwenye nafasi moja ilhali jedwali lina nafasi tupu tele. Si mgongano hutokea jedwali likijaa?"

Hapana. Chukua daftari la simu lenye kurasa 100, ambalo ukurasa wa jina haufuati alfabeti bali hesabu: kila herufi ina namba, a ikiwa 1 hadi z ikiwa 26, unazijumlisha, ukagawanya kwa 100 na kuchukua baki. Amina ni 1+13+9+14+1, yaani 38. Neema ni 14+5+5+13+1, nayo ni 38. Majina haya yatakutana ukurasa wa 38 hata kama kurasa nyingine zote ni tupu. Hata kanuni bora inayotawanya majina kwa usawa haituepushi, kwani majina 13 tu yanatosha kuufanya uwezekano wa mgongano uzidi nusu.

Ujazo, yaani idadi ya majina kugawanywa kwa idadi ya kurasa, hueleza jambo lingine: utasoma mistari mingapi ukishafungua ukurasa. Majina 800 yakiwa katika kurasa 100, wastani ni 8 kwa ukurasa. Ndiyo maana `HashMap`, jedwali la hashi la lugha ya Java, kwa kawaida huongeza nafasi maradufu ujazo unapopita 0.75, kisha hupanga upya majina yaliyomo. Hata hivyo, Amina na Neema watabaki pamoja kwenye kurasa 200, kwa kuwa jumla zao ni zilezile. Hapo dawa ni kubadilisha kanuni.