Kiinua mgongo chako hakikatwi kodi kama mshahara wa mwezi mmoja

Wafanyakazi wanaopunguzwa kazi hapa Dodoma hutufikia mezani wakiwa na bahasha mbili: ya barua ya kusitishiwa ajira, na ya hati ya malipo ya mwisho. Kwenye ile ya pili jicho huganda kwenye mstari wa PAYE. Mtu aliyezoea kukatwa makumi ya maelfu kwa mwezi anakuta amekatwa milioni tatu na ushee. Anauliza kama ni halali. Mara nyingi kodi yenyewe ni halali, ila imekokotolewa vibaya.

Malipo anayotoa mwajiri kwa sababu ajira imekoma, yaani kiinua mgongo, ni mapato ya ajira, kwa hiyo yanatozwa kodi. Lakini hayakupatikana kwa mwezi mmoja. Ni jasho la miaka. Ndiyo maana kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinataka yagawanywe kwa usawa katika miaka ya utumishi. Aliyetumikia zaidi ya miaka sita, fedha zake hugawanywa katika mwaka ajira ilipokoma na mitano iliyoutangulia. Kila fungu linajumlishwa na mshahara wa mwaka wake, kisha kodi inatafutwa mwaka kwa mwaka.

Tumchukue fundi wa kiwanda cha kukamua alizeti Kibaigwa, aliyefanya kazi miaka kumi na moja na kuachishwa mwishoni mwa Desemba. Mshahara wake unaotozwa kodi, yaani baada ya kutoa mchango wa NSSF, ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa urahisi wa hesabu tuseme haukubadilika kwa miaka sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, usiozidi miaka kumi, lakini yeye na mwajiri wamekubaliana zaidi: shilingi 12,000,000.

Mhasibu aliyezoea mishahara atazibandika hizo milioni 12 juu ya mshahara wa Desemba. Jumla ni 12,600,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, milioni ya kwanza kwa mwezi ina kodi ya 128,000, na kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30. Kodi inakuwa 3,608,000. Ukiondoa 36,000 ya mshahara wake wa kawaida, kiinua mgongo peke yake kimebeba 3,572,000.

Sasa tufuate sheria. Milioni 12 kwa miaka sita ni 2,000,000 kila mwaka. Mshahara wake wa mwaka ni 7,200,000. Ukijumlisha unapata 9,200,000. Katika zile milioni mbili, 1,920,000 zinaangukia kwenye asilimia 20, na 80,000 zilizovuka kikomo cha ngazi hiyo, yaani 9,120,000 kwa mwaka, zinaangukia kwenye asilimia 25. Kodi ya ziada ni 404,000 kwa mwaka, yaani 2,424,000 kwa miaka sita. Tofauti ni shilingi 1,148,000. Kwa mtu ambaye hana mshahara wa Januari, na mwanawe anangoja kuripoti shule, hiyo si fedha ya kuachwa ipotee kwa uzembe wa hesabu.

Mgawanyo huu hausaidii kila mtu. Aliyekuwa akipata zaidi ya 1,000,000 inayotozwa kodi kila mwezi, kwa miaka yote sita, tayari yuko kwenye asilimia 30, kwa hiyo kugawa hakumpunguzii kitu. Mshahara uliodaiwa na fedha ya likizo isiyochukuliwa haviingii kwenye mgawanyo. Hivyo ni ujira wa kawaida. Mkupuo wa pensheni kutoka PSSSF au NSSF nao ni jambo jingine: haulipwi na mwajiri, wala haupaswi kuchanganywa kwenye hesabu hii.

Kosa lenyewe utalitambua kwa kalamu tu. Chukua kodi iliyokatwa, toa ile ya mshahara wako wa kawaida, kisha gawa kwa kiinua mgongo. Ukipata karibu 0.30 ilhali mshahara wako ulikuwa chini ya milioni moja, mwombe mwajiri jedwali linaloonyesha kila mwaka na fungu lake. Kama hakuna jedwali, huenda mgawanyo haukufanyika. Mwonyeshe hati zako za mishahara ya miaka hiyo, maana miaka ambayo mshahara ulikuwa mdogo ndiyo inayoshusha kodi zaidi.

Fanya hivyo kabla hujasaini kupokea. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha; kabla ya hapo marekebisho ni ya ofisi yake. Ikishafika TRA, itabidi uombe kurejeshewa, ukiwa na TIN, barua ya kusitishwa, hati ya malipo na hilo jedwali.