Sifuri nukta tatu tatu tatu haina tarakimu ya mwisho

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, baba wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia hapa Kisauni ninapofundishia tuisheni, akiwa ameshika daftari la mwanawe. Zoezi lilitaka desimali 0.333... iandikwe kama sehemu, na mtoto alikuwa ameandika 33/100 akakosolewa. "Mwalimu," akaniuliza, "kalkuleta inaonyesha tatu tatu tupu. Si hiyo ni thelathini na tatu kwa mia? Mtoto amekosa wapi?" Swali hili nimeulizwa na watoto, na wazazi, na hata na walimu wenzangu, nami kila mara hulijibu kwa haraka nikiwa nimesimama mlangoni. Leo nalijibu nikiwa nimeketi.

Mzee huyu ni seremala, kwa hivyo nilimwomba afikirie kipande cha mbao chenye urefu wa mita moja, akikate vipande vitatu vilivyo sawa, na tuchukulie kwamba msumeno hauli kitu. Akikata kila kipande kwa sentimita 33, atabakiwa na sentimita moja mkononi. Akikata kwa sentimita 33.3, atabakiwa na milimita moja. Akiwa na rula inayopima hadi sehemu ya kumi ya milimita, akate kwa 33.33, bado kitabaki kijipande. Popote anapokoma kuandika tatu, kuna mbao inayobaki. Na theluthi ya mita ni ule urefu usiobakiza chochote. Watu wa pwani hawapaswi kuhangaishwa na jambo hili, kwa maana theluthi tunaijua katika wasia: mali ya shilingi 900,000 ikitolewa theluthi, ni shilingi 300,000 kamili. Ukiitoa thelathini na tatu kwa mia, utapata shilingi 297,000, na aliyeusiwa atakuuliza 3,000 zake ziko wapi.

Hila ya aljebra yenyewe ni fupi, nami sitakaa nayo sana. Iite desimali hiyo n, uizidishe kwa kumi, kisha utoe:

```
n       = 0.333...
10n     = 3.333...
10n - n = 3
9n      = 3
n       = 3/9 = 1/3
```

Tunazidisha kwa kumi kwa sababu kinachojirudia ni tarakimu moja, na kuzidisha kwa kumi kunazisogeza tarakimu zote nafasi moja kushoto, hata tatu ikaja kukaa juu ya tatu. Mikia miwili ile, yaani yote yaliyo upande wa kulia wa nukta, inakuwa sawa kabisa, na unapotoa inafutana.

Ni hapa kwenye neno "kabisa" ndipo ugomvi unapoanzia. Mwanafunzi makini, tena mara nyingi ni yule hodari kuliko wenzake, huinua mkono akasema kwamba ukisogeza nukta, upande wa kulia umepungua tatu moja, kwa hivyo ukitoa, tatu ya mwisho ya n itabaki peke yake bila ya mwenzake. Hoja hii si ya kipuuzi, na mwalimu anayeizima kwa kusema "ndivyo kanuni ilivyo" anamdhulumu mtoto. Njia bora ni kuifuata hoja yake mpaka ifike inakoelekea. Tuchukue desimali inayokoma kwelikweli, yenye tatu tatu tu:

```
n       = 0.333
10n     = 3.330
10n - n = 2.997
n       = 2.997/9 = 0.333
```

Tazama kilichotokea. Mikia haikufutana, ile tatu ya mwisho imebaki bila mwenzake kama mtoto alivyosema, na aljebra imeturudishia kile kile tulichoipa, yaani 333/1000, ambayo ni pungufu ya theluthi kwa 1/3000. Kwa hivyo mwanafunzi amesema kweli kuhusu nambari hii. Kosa lake ni kudhani kwamba 0.333 na 0.333... ni nambari moja, ambapo vile vinukta vitatu, au kile kinukta kimoja tunachokiweka juu ya tarakimu tunapoandika kwa mkono, ni sehemu ya nambari yenyewe. Ukikiacha, umeandika nambari nyingine.

Kalkuleta ndiyo inayochochea imani hii, kwa sababu kioo chake kina mwisho. Inajaza nafasi zilizopo kwa tatu kisha inakoma, na anayekitazama kioo anaona tarakimu ya mwisho kwa macho yake. Dawa yake ni kugawanya kwa mkono, moja kwa tatu, huku jicho likifuata baki badala ya jibu. Moja haigawanyiki kwa tatu, unaweka sifuri na nukta, unashusha sifuri, unapata kumi. Kumi kwa tatu ni tatu, baki moja. Unashusha sifuri, unapata kumi tena; tatu, baki moja. Hatua ya pili ni hatua ya kwanza yenyewe, kwa kuwa baki ni ile ile, na hakuna kitu chochote katika hesabu hii kinachoweza kuifanya hatua ya elfu iwe tofauti na ya kwanza. Mtu akishaiona baki moja ikirudi, hahitaji kuambiwa kwamba tatu hazikomi, kwani amekwisha kuona kwa nini haziwezi kukoma. Na kama hazikomi, basi hakuna tatu ya mwisho ya kubaki bila mwenzake. Ukiondoa tatu moja mwanzoni mwa mkia usio na mwisho, mkia unaobaki ni ule ule.

Lakini lazima nikiri jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya. Hila hii inachukulia tangu mstari wa kwanza kwamba n ni nambari, na kwamba inaweza kuzidishwa na kutolewa kama nambari nyingine yoyote. Aljebra haihakikishi jambo hilo, bali inalitegemea. Hebu ziandike tatu hizo kuelekea kushoto badala ya kulia, ufuate hatua zile zile:

```
n       = ...333
10n     = ...3330
n - 10n = 3
n       = -1/3
```

Mikia imefutana vizuri tu, na tumepata kwamba tatu, na thelathini, na mia tatu, na elfu tatu, na kuendelea, zikijumlishwa zote zinatoa nambari iliyo chini ya sifuri. Katika nambari tunazozitumia kila siku jibu hilo halikubaliki, ingawa hakuna hatua hata moja iliyokiuka kanuni za aljebra. Kilichoharibika ni ule mstari wa kwanza. Kwenda kushoto, kila tatu unayoiongeza ni kubwa mara kumi kuliko iliyotangulia, na jumla inakimbia bila ya kutulia popote. Kwenda kulia, 0.3 imepungukiwa na 1/30 kufikia theluthi, 0.33 imepungukiwa na 1/300, 0.333 imepungukiwa na 1/3000, na upungufu huo unakuwa mdogo kuliko kiasi chochote utakachokitaja. Kwa hivyo kuna nambari moja, na moja tu, ambayo desimali hizi zinaijongelea, na hiyo ndiyo maana ya 0.333... Tukishakubaliana hivyo, hila inakuwa halali. Nimefundisha miaka mingi na bado sijaridhika kama ni haki kumpa mtoto hila hii kabla ya kumwonyesha msingi wake, kwa maana ukianza na msingi, darasa zima linalala, na ukianza na hila, yule hodari anakuuliza kuhusu tatu ya mwisho, nawe huna pa kumwelekeza.

Kwa hila hiyo hiyo 0.999... ni 1, kwa maana 9n ni 9. Anayekataa hili na bado anakubali kwamba 0.333... ni theluthi, azidishe pande zote mbili kwa tatu.

Sasa makosa ya kazi yenyewe, ambayo kwa hakika ni moja tu: kusogeza idadi isiyo sahihi ya nafasi. Kwenye 0.272727... kinachojirudia ni tarakimu mbili, kwa hivyo unazidisha kwa mia, unapata 99n = 27, na n ni 27/99, ambayo ni 3/11. Ukizidisha kwa kumi kwa mazoea, saba itakaa juu ya mbili na mbili juu ya saba, na ukitoa utapata 2.454545..., mkia ungalipo. Hiyo ndiyo alama ya kujijua: kama baada ya kutoa bado una mkia usiokoma, hukusogeza ipasavyo, rudi nyuma.

Yule mzee alitaka kuona mfano mmoja mgumu kabla hajaondoka, nami nikamwandikia mwanawe 0.58333..., ambamo tano na nane hazijirudii. Kitabu chake kinamtaka azidishe mara mbili, kwanza kwa mia ili kuzivusha tarakimu zisizojirudia, kisha kwa elfu, ndipo atoe. Njia hiyo ni sahihi, ila imewafanya watoto waamini kwamba bila ya kuivusha tano na nane kazi haiwezekani. Kinachotakiwa ni mikia ilingane tu, na kwa kuwa kinachojirudia ni tarakimu moja, kumi inatosha:

```
n       = 0.58333...
10n     = 5.83333...
10n - n = 5.25
n       = 5.25/9 = 525/900 = 7/12
```

Mtoto alisita alipoona 5.25, kwa maana alizoea kupata nambari nzima upande wa kulia. Lakini desimali hiyo inakoma, haina mkia, na kuzidisha juu na chini kwa mia kunaiondoa nukta. Kisha 525 na 900 zote zinagawanyika kwa 75.

Nilimwambia asiniamini, agawanye saba kwa kumi na mbili. Alipiga mstari, akaandika sifuri na nukta, kisha tano, baki kumi. Nane, baki nne. Tatu, baki nne. Hapo akaiweka kalamu chini, akamwonyesha baba yake ile nne ya pili kwa kidole.