Simu haijitumi: maana ya meseji iliyobonyezwa mfukoni

Wiki hii nimeisikia mara tatu hapa Mwanga, Kigoma. "Samahani, meseji ilijituma." Ya nne imenishinda kunyamaza.

Meseji ya mfukoni ni ile ambayo vitufe au kioo vya simu viliguswa na kitu kingine kisichokuwa nia ya mwenyewe, mpaka maandishi yakaandikika na kwenda. Basi. Maana yake inaishia hapo.

Sasa turudi kwenye neno. Kutuma ni kumpa mtu au kitu safari yenye shabaha. Kutoka humo tukapata mtume na utume. Ukiweka "ji" katikati inakuwa kujituma, yaani kufanya kazi bila kusukumwa. Ni sifa hiyo, watu wanaiandika kwenye barua za kuombea ajira. Simu iliyolala kwenye suruali ya mpakia magunia haina sifa hiyo. Kuna wengine wanaruka mbali zaidi, wanasema "nimedukuliwa", na hapo ndipo ndoa zinapoanza kutikisika.

Neno lenye haki hapa ni kubonyeza, nalo lina mzazi wake: kubonyea. Debe likigongwa linabonyea, embe likiiva sana linabonyea. Ukibonyeza, unakifanya kitu kibonyee. Kwa hiyo kitufe cha kitochi kinabonyezwa kwa maana kamili ya neno, kwa sababu kinaingia ndani. Kioo cha simu janja hakibonyei hata kidogo. Kinachofanyika pale ni kuguswa: kioo kina umeme wake mdogo, mwili ukikikaribia kinahisi umebadilika, wala hakijali nguvu. Kikandamize kwa mfuniko wa kalamu ya plastiki, hakitajua kama upo. Lakini paja lenye jasho nyuma ya kitambaa chembamba cha mfuko, kioo kinaweza kulichukulia kuwa ni kidole. Nani asiyetoka jasho Kigoma saa saba mchana?

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Kubonyezwa na kuguswa huacha alama mbili tofauti kwenye meseji yenyewe, na ukizijua unaweza kuisoma kama fundi anavyosoma kutu.

Mama mmoja anayeuza dagaa mwalo wa Kibirizi alikuja na simu yake kwenye meza yangu ya ufundi, uso umemkunjamana. "Kaka, simu ya baba watoto imedukuliwa, au kuna mwanamke anaichezea. Soma mwenyewe." Nikasoma:

```
Mm6jnm 5jjkm8t
```

Dakika mbili baadaye ilikuwa imeingia nyingine, tupu kabisa.

Nikamuuliza mumewe anatumia simu gani. Kitochi. Nikachukua kitochi kingine hapo mezani tukaanza kutafuta kila herufi inakaa wapi. Kitufe cha 6 kina m, n na o. Ukikishikilia kwa muda, kwenye vitochi vingi kinatoa namba yenyewe, 6. Kitufe cha 5 kina j, k na l, na namba 5. Kitufe cha 8 kina t, u na v, na namba 8. Rudi sasa kwenye ile meseji: m, m, 6, j, n, m. Zote ni 6 na 5. Halafu nafasi, ambayo kwa kawaida ni kitufe cha 0. Kisha 5, j, j, k, m, 8, t. Yaani meseji nzima imetoka kwenye vitufe vinne tu: 5 na 6 vinapakana, 8 kiko chini ya 5, na 0 kiko chini ya 8. Ni eneo dogo tu la vitufe. Namba zilizojipenyeza humo ni pale kitufe kilipokandamizwa kikakaa. Herufi ni pale kilipobonyezwa kikaachiwa.

Mtu anayeandika, hata awe mlevi, hata awe anaandika kwa siri, huzunguka simu nzima. Atahitaji a, na a iko kwenye 2. Jaribu kuandika sentensi nzima ya Kiswahili kwa vitufe 5, 6 na 8 peke yake uone utafika wapi.

Na ile tupu? Hiyo ni 0 peke yake: nafasi mbili tatu, kisha kitufe cha kati kikabonyea, ikaenda. Vitochi vingi havikatai kutuma nafasi tupu, na salio linakatwa vilevile.

Akabaki na swali moja, na lilikuwa swali zuri: "Kwa nini ije kwangu?" Nikamwambia, kwa sababu alikuwa anakujibu wewe. Ukifungua kujibu, namba ya mpokeaji tayari ipo, kimebaki kitufe kimoja au viwili. Mumewe alianza kujibu, akaitwa kubeba gunia, akaitumbukiza simu mfukoni bila kufunga vitufe. Angekuwa anaandika meseji mpya, mfuko ungelazimika kutafuta namba kwanza, na mfuko haujui kutafuta.

Kwenye simu janja dalili inageuka, na hapa wengi wanadanganyika. Juu ya herufi kuna maneno matatu ambayo simu inabashiri utayahitaji. Paja likigusa palepale mara kwa mara, linachagua maneno mazima yaliyoandikwa sahihi: "na mimi pia na mimi pia na mimi". Ukiyasoma unaona mtu anakulilia, kumbe ni duara. Na usitegemee kioo kizimike chenyewe, maana kila mguso unaanzisha upya hesabu ya muda wa kuzima. Kizime kwa kitufe cha pembeni kabla hujaiweka mfukoni.

Miraba mitupu au alama za kuuliza zilizojipanga ni kesi nyingine. Mara nyingi huyo aliandika kwa makusudi, pengine vikatuni vya kucheka, simu yako ndiyo haina picha zake. Hapo usimlaumu mtu wala mfuko.

Na anayetaka kukuibia hatumi "Mm6jnm". Anatuma "ile hela tuma kwenye namba hii", Kiswahili kimenyooka, jina la mpokeaji limeandikwa vizuri. Kadiri meseji ya kuomba hela inavyoeleweka ndivyo inavyostahili kutiliwa shaka.

Kipo ambacho herufi hizi haziwezi kukuambia: hali ya mwenye simu. Zinaonyesha vitufe vilibonyezwa na kitu kisichojua kuandika, lakini hazisemi kama yeye yuko kazini, amelala au ameanguka. Kwa hiyo nikamwambia mama apige. Akapiga palepale, akaweka sauti ya nje. Mwanamume akapokea huku anahema, nyuma yake watu wanahesabu magunia.

"Ah, mama watoto, samahani. Ilijituma."

"Ilibonyezwa, shemeji," nikamwambia. "Funga vitufe."

"Haya fundi," akasema. "Ilijibonyeza."

Tumesogea kidogo.