Jumla Iko Sawa, Toleo Je?

Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba vipimo vya maabara yake vimekuta daiethilini glaikoli, kemikali yenye sumu, katika dawa ya maji ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Tangazo lilitaja toleo moja tu, yaani dawa iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja na kupewa namba moja: 329304. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa pia Tanzania na Kenya, na nchi kadhaa zikaamuru toleo hilo liondolewe sokoni. Toleo lenyewe lilitengenezwa Mei 2021 na lilikuwa linakwisha muda Aprili hiyo hiyo ya 2024. Mwenye stoo aliyeulizwa siku ile alitakiwa kujibu habari za mzigo uliopita mikononi mwake miaka miwili au mitatu nyuma: chupa ngapi za namba ile zilipita kwako, na zilikwenda kwa nani?

Swali hilo ndilo tunalowauliza wenye maduka ya jumla ya dawa hapa Tanga tunapofanya nao zoezi la kuondoa mzigo sokoni. Tunachagua toleo moja ambalo halina tatizo lolote, tunajifanya limetangazwa leo asubuhi, kisha tunaangalia ERP yao, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza mauzo na mzigo wa stoo, inatuambia nini na rafu zinatuambia nini.

Katika stoo moja ya Ngamiani tulichagua dawa ya maji ya parasetamo. Stoo ilikuwa imepokea matoleo mawili. La kwanza, ambalo hapa nitaliita K2406, lilikuwa chupa 1,200 zinazokwisha muda mwezi wa 8 mwaka 2027. La pili, K2411, lilikuwa chupa 800 zinazokwisha Januari 2028. Mfumo ulikuwa umepangwa vizuri: kinachokwisha muda mapema kitoke mapema. Kwa hiyo oda tatu zilizofuata zote ziliandikiwa K2406. Muheza chupa 400, Korogwe 300, Pangani 200. Kwenye skrini zilibaki chupa 300 za K2406 na K2411 zote 800, hazijaguswa.

Tukatangaza K2411. Mfumo ukajibu kwa sekunde chache: hakuna mteja aliyepelekewa, mzigo wote uko ndani. Mwenye stoo alifurahi, na angekuwa na haki ya kufurahi kama tungeishia hapo.

Tukaenda kwenye rafu tukahesabu kwa toleo. K2411 zilikuwa 700. K2406 zilikuwa 400. Jumlisha: 1,100. Skrini nayo inasema 300 na 800, jumla 1,100. Ndiyo maana hesabu yao ya kila mwisho wa mwezi haikuwahi kuonyesha kasoro. Walikuwa wanahesabu dawa kwa jina lake, chupa zinatimia, wanasaini. Katoni moja ya chupa 100 za K2411 ilikuwa imeshatoka nje ya stoo kwa jina la K2406, na hesabu ya jumla haiwezi kuliona kosa la namna hiyo hata ikirudiwa mara kumi.

Ilitokaje? Mzigo mpya ulipoingia ulipangwa mbele ya mzigo wa zamani, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na jua la saa nane lilikuwa limewachosha wapakuaji. Kijana wa kuandaa oda alishika karatasi iliyoandikwa K2406, akachukua katoni iliyo karibu. Rangi ni ile ile, jina ni lile lile, namba ya toleo imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Kisha karani akabonyeza kuthibitisha kile ambacho mfumo ulipendekeza. Mfumo uliandika pendekezo lake wenyewe kana kwamba ndicho kilichotokea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Namba ya toleo iliyo kwenye ERP ina thamani ikiwa tu imesomwa kwenye katoni yenyewe wakati inatoka. Mifumo mingi ina mpangilio wa kulazimisha hilo: mwandaaji anapiga skana kwenye katoni, na namba isipolingana na oda, mfumo unamzuia. Asiye na skana amfiche mwandaaji namba iliyopendekezwa, amwachie nafasi tupu aijaze kwa kusoma katoni. Inachelewesha kidogo, lakini aliyelazimika kuandika K2411 kwa mkono wake hawezi kujidanganya kwamba ameshika K2406. Na hesabu ya rafuni ifanywe kwa toleo, hata kama ni dawa kumi tu kwa wiki.

Skana nayo ina mtego mmoja kwenye tarehe. Ndani ya msimbo wa miraba ulio kwenye boksi, taarifa hutanguliwa na namba za utambulisho:

```
(01) bidhaa   (17) tarehe ya kuisha   (10) toleo   (21) namba ya mfululizo
(17)270800
```

Hiyo `270800` ni mwaka 27, mwezi 08, siku 00, na 00 maana yake ni siku ya mwisho ya mwezi, yaani 31 Agosti 2027. Mfumo usiojua kanuni hiyo hukataa msimbo, au karani huandika tarehe 1 Agosti ili apite, na dawa nzuri inafungiwa mwezi mzima kabla ya wakati wake. Namba ya mfululizo, ile ya (21), hutofautisha boksi moja na jingine ndani ya toleo hilo hilo. Inafaa sana kwa vifaa kama mashine za kupimia presha. Kwa chupa za dawa ya maji, toleo linatosha ukilitunza kwa uaminifu.

Turudi kwenye katoni yetu. Kwanza tuliziweka zile 700 karantini ndani ya mfumo, ili asitokee mtu wa kuziuza tukiwa bado tunatafuta. Watu wengine huzifuta kwenye hesabu ili zisionekane. Usifanye hivyo, kwa sababu ukifuta umepoteza ushahidi wa kilichobaki. Kisha tukapiga simu kwa wateja wote watatu waliopokea parasetamo tangu K2411 iingie, bila kujali ankara zao zinasema toleo gani.

"Shikamoo mama. Naomba unisomee namba iliyoandikwa baada ya neno Batch."

"Marahaba. Ngoja nivae miwani... K, mbili, nne, moja, moja."

Alikuwa wa Korogwe. Kwenye katoni ile zilibaki chupa 62, zimeuzwa 38. Hesabu ikafunga: 700 stoo, 62 Korogwe, 38 kwa wagonjwa, jumla 800. Kama lingekuwa tangazo la kweli, zile 62 zingerudi zikiwa na namba yao ile ile na kuingizwa moja kwa moja karantini, zisubiri maelekezo ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa mwenye stoo ya vyakula utaratibu wa toleo ni huu huu, ila tangu 2019 chakula kiko chini ya Shirika la Viwango.

Zile 38 hakuna ERP ya Tanga inayoweza kuzifuata. Duka la dawa la Korogwe haliandiki nani alinunua chupa ipi, na mama aliyempa mtoto dawa jana usiku hana ankara. Kwake inabaki redio, zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji, na tangazo lenye namba ya toleo ambayo anaweza kuilinganisha na chupa iliyo kabatini kwake, kama lebo bado haijabanduka.