Orodha ya kusoma prufu ni nini?

Prufu ni nakala ya majaribio inayotolewa kabla mashine haijachapa idadi yote. Orodha ya kusoma prufu ni mpangilio wa kuipitia nakala hiyo kwa mizunguko, kila mzunguko na jambo lake moja. Mizunguko hutenganishwa kwa sababu anayesoma ili aelewe maana hazioni tarakimu, macho yanaziruka tu.

Tuchukue kipeperushi cha nyumba ya wageni Bagamoyo: karatasi moja ya A4, mikunjo miwili, kurasa sita.

Mzunguko wa kwanza ni wa simu. Toa prufu kwenye karatasi, uzungushie kila namba kwa kalamu. Tuseme zimepatikana tatu: jaladani, ukurasa wa nyuma, na moja ndogo chini ya ramani ya kwenda magofu ya Kaole. Hiyo ya ramani ndiyo ya kuogopwa. Msanifu akianzia faili la mwaka jana hubadilisha namba zinazoonekana, na ramani iliyobandikwa kama picha haipatikani kwa Ctrl+F. Kisha hesabu tarakimu: namba inayoanza na 0 iwe na 10, na +255 ifuatiwe na 9, bila ile 0. Hata hivyo kuhesabu hakufichui 54 iliyogeuka 45, kwa hiyo zipigwe zote. Mmoja asome kutoka kwenye karatasi, mwingine abonyeze kwenye simu ambayo haijaihifadhi namba hiyo, la sivyo simu yenyewe itamkamilishia.

Bei zinalinganishwa na orodha iliyosainiwa na mwenye nyumba, si na kumbukumbu ya mtu wa mapokezi. Chumba cha mtu mmoja 45,000, cha wawili 65,000, cha familia 9,000: hapo sifuri moja imedondoka, na dalili yake ni chumba kikubwa kuwa rahisi kuliko kidogo. Kosa gumu zaidi ni bei iliyo sahihi isiyosema ni kwa chumba au kwa mtu. Wageni wawili watafika na 65,000, mapokezi wadai 130,000.

Tahajia huachwa mwisho, na hapo kompyuta husaidia kidogo. Itakamata “kairbu” endapo ina kamusi ya Kiswahili, lakini “machweo” itayapitisha. Kipeperushi kikiahidi machweo yakichomoza baharini, herufi moja imezidi: Bagamoyo bahari iko mashariki, yanayoonekana huko ni macheo. Soma kila sentensi kwa sauti, ukianza na ya mwisho kurudi juu, ili mtiririko wa maneno usikubebe.

Masahihisho yakishaingizwa, omba prufu mpya. Neno likiongezwa mstari husogea, na namba ya simu inaweza kukatika ikaangukia mistari miwili, au bei ikahamia chumba cha jirani. Saini iwekwe kwenye prufu hiyo ya mwisho pamoja na tarehe, na jina la faili liandikwe pembeni, ili mchapaji asije akachukua faili la juzi.