Je, wajua kwanini projekti ya chuo haitoshi kwenye dakika moja ya intavyuu?

"Nimeitwa intavyuu hapa Posta, wamesema nitaeleza projekti yangu ya mwaka wa mwisho kwa dakika moja. Mbona nikijaribu nafika dakika nne na hata sijamaliza?"

Kwa sababu unaisimulia kama ripoti ilivyoandikwa mkuu, unaanza na utangulizi, halafu malengo, halafu waliotangulia walifanya nini, matokeo yanakuja mwisho kabisa wakati msupavaiza pekee ndo alikuwa anautaka mpangilio huo. Anayekuhoji anataka kujua mkono wako ulikuwa wapi, basi.

Tuseme projekti ni kifaa cha kupima maji kwenye simtanki. Ingekuwa mimi ningesema hivi:

"Hosteli nyingi pampu inaachwa mpaka tanki linafurika. Tulikuwa wanne, tukatengeneza kifaa kinachopima kina cha maji na kumtumia mlinzi meseji likikaribia kujaa. Mimi nilishika upande wa meseji, natumia moduli ya laini ya simu, SIM800L. Mwanzoni ilikuwa inajizima kila ikitaka kutuma. Nikapima umeme, nikakuta volteji inashuka ghafla, maana ikituma inaweza kuvuta mpaka ampea 2 kwa muda mfupi sana, na sisi tulikuwa tunaichukulia umeme kwenye Arduino. Nikaipa chanzo chake na kapasita kubwa karibu na pini, ikatulia. Kwenye majaribio meseji 38 kati ya 40 zilifika."

Isome kwa sauti uone, inaishia kama sekunde hamsini. Angalia nafasi kubwa imeenda wapi: kwenye ile kujizima. Tatizo la hosteli sentensi moja, wenzako sentensi moja, sensa sijaigusa kabisa maana siyo kazi yangu. Pale kwenye hitilafu ndo wataulizia zaidi na ndo pahala unapopajua kuliko wao, kwahiyo unawapeleka huko makusudi. Namba zako weka za kweli, na ujue zile meseji mbili zilipotelea wapi, lazima waulize.

Ukimaliza halafu mtu akakuuliza "sasa wewe hasa ulifanya nini?" ujue umesema "tuli-tuli" nyingi mno, rudi ukazibadilishe.

Usikariri neno kwa neno bana, ukikatizwa katikati unapotea. Shika vituo vinne tu: tatizo, kipande changu, kilichogoma, namba. Jirekodi voisi ya watsap ukiwa unaongea, sekunde unaziona zinakimbia, ikizidi sitini kata kwenye tatizo na siyo kwenye kilichogoma. Halafu rekodi na ya Kiingereza, maana intavyuu nyingi za hapa mjini zinaanza Kiswahili katikati zinageuka, na kwa Kiingereza wengi wetu tunakwama kwenye sentensi ya kwanza tu, hiyo moja ndo ifanyie mazoezi zaidi.