Picha ya HDMI kukatika kwenye waya mrefu: dhana potofu na ukweli

Chukua ukumbi wa harusi. Projekta ya 4K imefungwa darini, na waya wa HDMI wa mita 15 umepitishwa ndani ya dari mpaka kwenye meza ya fundi. King'amuzi kinachotoa 1080p kinaonyesha vizuri kila wiki. Siku anapokuja mpiga video na kompyuta inayotoa 4K, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu, inarudi, kisha inazima tena. Lawama zote zinaiangukia kompyuta.

"Waya ni mzima, mbona king'amuzi kinaonyesha?"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu muda na pesa kuliko zote. Waya mmoja haubebi mzigo uleule kila siku. Picha ya 1080p ya fremu 60 kwa sekunde hupitisha takriban gigabiti 1.5 kwa sekunde katika kila jozi ya nyaya za picha. Ya 4K kwa fremu 60, ikiwa na rangi kamili, hufikia karibu gigabiti 6, yaani mara nne. Na shaba hupoteza nguvu ya mawimbi zaidi kadiri kasi yake inavyopanda: umeme hukimbilia ngozi ya nje ya uzi, na plastiki inayouzunguka nayo hula sehemu yake. Kila mita huongeza hasara hiyo, hadi kifaa cha upande wa pili kinashindwa kutofautisha moja na sifuri.

Kwa hiyo swali la "HDMI inafika mita ngapi?" halina jibu moja. Hata kanuni rasmi za HDMI hazikuweka urefu, zimeweka ubora ambao mawimbi yanapaswa kufika nao. Kwa uzoefu wa mafundi, waya wa kawaida ulio mzuri hubeba 4K ya fremu 60 kwa takriban mita 5, na 1080p kwa mita 10 hadi 15 ukiwa mnene.

"Waya ukiwa dhaifu, rangi hufifia"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa enzi za antena na nyaya za analogi. HDMI ni ya kidijitali: picha hubaki safi kabisa mpaka ukingoni, kisha huharibika ghafla. Dalili ya kwanza ni chenga, vidoti vinavyometameta hasa kwenye sehemu zenye giza. Makosa yakizidi, skrini hupoteza mwendo wa mawimbi na kuzima. Makosa yenyewe huenda ni ya kufumba na kufumbua, lakini vifaa viwili hulazimika kutambuana upya, na kuthibitishana upya kwa ajili ya HDCP, ulinzi unaozuia kunakili picha, pale unapotumika. Ndiyo maana giza hudumu sekunde kadhaa. Ncha za dhahabu hazibadilishi lolote hapo. Hukinga kutu tu.

Kuhakikisha ni rahisi. Unganisha kompyuta na projekta ileile kwa waya wa mita 2. Picha ikitulia, rudisha waya mrefu, kisha kwenye kompyuta shusha kutoka 60 Hz hadi 30 Hz, ukibaki kwenye 4K. Mzigo unapungua nusu. Kukatika kukikoma, waya umefika mwisho wa uwezo wake. Kukiendelea, shusha hadi 1080p. Kama ukumbi unaridhika na 1080p, iache hapo na usinunue kitu.

"Nyaya zenye chipu ni ujanja wa wauzaji"

Kwa mita 3 ni kweli huzihitaji. Kwa 4K ya fremu 60 kwenye mita 10, zinahitajika: chipu iliyo kwenye ncha husahihisha mawimbi yaliyochakaa. Kwa mita 15 na kuendelea, kama ukumbi wetu, ningechagua waya wa faiba, unaogeuza picha kuwa mwanga. Nyaya hizi zina upande: ncha iliyoandikwa `Source` ni ya kompyuta, `Display` ni ya projekta. Ukizigeuza hupati picha. Chipu hula umeme wa volti 5 kutoka kwenye tundu la HDMI, na kifaa kinachotoa umeme hafifu huleta kukatika kulekule. Baadhi ya nyaya huwa na mkia wa USB kwa sababu hiyo. Ujaribu waya sakafuni kabla ya kuuvuta darini, na usiukunje kwa nguvu kwenye kona, kwa sababu faiba ikivunjika huwezi kuikata na kuiunga.

"Ekstenda ya Cat6 inapita kwenye swichi ya intaneti"

Ekstenda za HDBaseT, visanduku viwili vinavyopeleka picha ya HDMI mbali, hutumia waya wa mtandao wa Cat6 lakini hazitumii lugha ya mtandao wa kompyuta, hivyo waya lazima utoke kisanduku hadi kisanduku moja kwa moja. Hufika mpaka mita 100 kwa 1080p. Kwa 4K soma karatasi yake: nyingi huishia mita pungufu ya hizo, au hupunguza rangi au kubana picha. Na waya uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba.